Vekta ya velositi na mstari tanjenti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo wanafunzi wa kalkulasi ya vekta wanauliza kila muhula, na nimeyajibu karibu yote kwa njia moja tu ili usihangaike na mfano mpya kila aya. Njia yenyewe ni heliksi, yaani umbo la springi:

r(t) = (3 cos t, 3 sin t, 4t)

Chukulia t ni sekunde na umbali ni mita. Mengine yatajieleza humo humo.

Kwanza kabisa, hii r(t) ni nini? Ni fankshoni moja au tatu?

Ni moja, ila inatoa namba tatu kwa mpigo. Ukiipa muda t inakwambia kitu kiko wapi, x yake, y yake na z yake. Ukiangalia x na y tu unaona duara la nusu kipenyo 3, kitu kinazunguka mhimili wa z, na wakati kinazunguka, ile 4t inakipandisha mita 4 kila sekunde. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 2π, kwa hiyo kwa kila mzunguko kinapanda mita 8π, kama mita 25 hivi.

Kitu kimoja cha kushika mapema: njia yenyewe, ule mstari uliopinda unaouona kwenye mchoro, siyo sawa na r(t). Mchoro unaonyesha kitu kimepita wapi, r(t) inaonyesha pia kilipita saa ngapi. Tofauti hii inarudi huko chini kwenye swali la majibu mawili yanayotofautiana.

Velositi naipataje?

Unadiferenshieti kila komponenti peke yake, basi. 3 cos t inakuwa −3 sin t, 3 sin t inakuwa 3 cos t, 4t inakuwa 4:

r'(t) = (−3 sin t, 3 cos t, 4)

Hiyo ndiyo vekta ya velositi. Urefu wake ndio spidi, na hapa ni √(9 sin²t + 9 cos²t + 16) = √25 = 5. Kwa hiyo kitu kinaenda mita 5 kwa sekunde muda wote, mwelekeo tu ndio unaobadilika. Nilichagua 3 na 4 makusudi ili mzizi utoke vizuri, usitegemee mtihani utakuhurumia hivyo.

Kuna njia ya haraka ya kuhakiki na watu wengi hawaitumii. Heliksi yetu inakaa juu ya silinda x² + y² = 9, sasa ukidiferenshieti pande zote unapata xx' + yy' = 0 kila wakati. Chukua majibu yako uweke humo: 3 cos t mara −3 sin t, jumlisha 3 sin t mara 3 cos t, inatoka sifuri. Isipotoka sifuri ujue umekosea alama ya kutoa mahali, na mara nyingi ni pale kwenye cos.

Nani aliruhusu kudiferenshieti kila komponenti peke yake? Mbona imekuwa rahisi hivyo?

Swali zuri, kwa sababu wengi wanaifanya kama mashine bila kujua inasimama juu ya nini, halafu siku inapokataa wanashangaa.

Anza na maana yenyewe ya derivativu. Unachukua mahali kitu kilipo sasa, r(t), na mahali kitakapokuwa baada ya muda mdogo h, yaani r(t+h), unatoa, unagawanya kwa h, halafu unaipeleka h sifuri. Kutoa vekta kunafanyika komponenti kwa komponenti, kugawanya kwa namba vile vile. Kinachobaki ni limiti. Na limiti ya vekta nayo inakwenda komponenti kwa komponenti, kwa sababu umbali kati ya vekta mbili ni mzizi wa jumla ya miraba ya tofauti zao, sasa umbali huo hauwezi kwenda sifuri bila kila tofauti kwenda sifuri, na tofauti zote tatu zikienda sifuri umbali hauna pa kwenda, nao unafuata.

Ila kuna sharti limejificha hapo. Tunapoandika (a, b, c) tunamaanisha a kwenye mwelekeo wa x, b kwenye mwelekeo wa y, c kwenye mwelekeo wa z, na mielekeo hiyo mitatu imetulia, haigeuki wakati kitu kinatembea. Mielekeo ikigeuka na yenyewe inabidi idiferenshietiwe.

Mimi natumia koordineti za silinda, ile radiasi, pembe na z. Nimediferenshieti kila moja nikapata spidi tofauti. Kwa nini?

Ni lile sharti nililolisema hapo juu. Heliksi yetu kwa koordineti za silinda ni radiasi 3, pembe t, kimo 4t. Ukidiferenshieti moja moja unapata (0, 1, 4), na ukichukua urefu wake kwa mazoea unapata √17, kama 4.12. Lakini tushaona spidi ni 5. Ipi ya kweli? Ni 5.

Angalia ile 1 ya katikati: ni radiani 1 kwa sekunde, siyo mita 1 kwa sekunde. Umejumlisha mraba wa radiani na mraba wa mita, na hiyo tu ilitosha kukushtua. Kugeuza pembe kuwa umbali unazidisha kwa radiasi, 3 mara 1 ni 3, sasa unapata 0 kwenda nje, 3 kuzunguka, 4 kwenda juu, na urefu unarudi 5.

Kwa ujumla, kama radiasi ni ρ na pembe ni θ, velositi ina ρ' kwenda nje, ρθ' kuzunguka, na z' kwenda juu. Ile ρ inayomzidisha θ' inatoka kwenye mwelekeo wa "kwenda nje" wenyewe kugeuka kadiri pembe inavyobadilika. Ukiona hujiamini, badilisha kila kitu kiwe x, y, z kwanza halafu diferenshieti, utaandika mistari miwili zaidi lakini utalala usingizi.

Swali limenipa nukta, halijanipa t. Nifanyeje?

Hili ndilo linalomeza maksi nyingi. Swali linasema "tafuta mstari tanjenti kwenye nukta (0, 3, 2π)" na mtu anachukua 0, au 3, anaiweka kwenye r'(t) kana kwamba ndiyo t. Hapana. Hiyo ni sehemu, siyo muda. Lazima utafute kwanza ni muda gani kitu kilikuwa hapo.

Anza na komponenti iliyo rahisi kuliko zote. Hapa ni z: 4t = 2π, kwa hiyo t = π/2, jibu ni moja tu. Kisha hakikisha zile nyingine mbili zinakubali: 3 cos(π/2) = 0 sawa, 3 sin(π/2) = 3 sawa. Ungeanza na x ungepata 3 cos t = 0 ambayo ina majibu yasiyoisha, π/2, 3π/2, 5π/2 na kuendelea, ukaanza kuchuja bila sababu.

Hatua ya kuhakiki usiiruke. Mtu akikupa (0, 3, 5), z inakwambia t = 1.25, ila 3 cos 1.25 ni kama 0.95, siyo 0. Maana yake nukta hiyo haipo kabisa kwenye njia, na jibu sahihi ni kusema hivyo hivyo.

Sasa mstari tanjenti wenyewe unaandikwaje?

Unahitaji vitu viwili, nukta unayoanzia na mwelekeo wa kufuata. Nukta ni r(π/2) = (0, 3, 2π). Mwelekeo ni r'(π/2) = (−3, 0, 4). Unaviunganisha na parameta mpya, tuiite s:

L(s) = (0, 3, 2π) + s(−3, 0, 4) = (−3s, 3, 2π + 4s)

Kwa nini s na siyo t? Kwa sababu t ilishatumika na tumeifunga kwenye π/2. Ukiandika t tena kuna watu watasoma vibaya, na wewe mwenyewe ukiwa umechoka utakuwa wa kwanza. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuandika (3 cos t, 3 sin t, 4t) + t(−3 sin t, 3 cos t, 4) na kuiita mstari. Kipimo chake ni rahisi: ekwesheni ya mstari ulionyooka ikishakamilika haibaki na sin wala cos ya parameta yake, wala mraba, kila komponenti ni namba jumlisha namba mara s. Ukiona cos t bado imekaa pale, kuna mahali hukuweka π/2.

Na kama swali linataka umbo lisilo na parameta: x = −3s na z = 2π + 4s, unaondoa s unapata x/(−3) = (z − 2π)/4, pamoja na y = 3. Ile y huigawanyi kwa sifuri, unaiandika peke yake tu.

Mstari huo unaifuata njia kwa ukaribu gani?

Tuipime badala ya kusema "karibu sana". Baada ya sekunde 0.1 toka π/2, kitu halisi kipo x = −0.2995, y = 2.9850. Mstari kwa s = 0.1 unasema x = −0.3, y = 3. z zinalingana kabisa, kwa sababu 4t yenyewe ni mstari ulionyooka. Tofauti yote ni kama mita 0.015, sentimita moja na nusu.

Sasa punguza muda mara kumi, sekunde 0.01. Tofauti inakuwa kama mita 0.00015, yaani imepungua mara mia, siyo mara kumi. Hapo ndipo tanjenti inapojitofautisha na mstari mwingine wowote unaopita kwenye nukta ile ile. Mstari wenye mwelekeo wa uongo nao ungekaribia, ila muda ukipungua mara kumi tofauti yake ingepungua mara kumi tu. Ukitaka kuhakiki jibu lako kwa kikokotoo fanya hivyo, jaribu 0.1 na 0.01 uone tofauti inashuka mara ngapi.

Ukienda mbali, sekunde nzima, mstari umeshapotea: kitu kiko (−2.52, 1.62) na mstari uko (−3, 3), umbali ni kama mita 1.46. Hakuna kosa hapo, tanjenti haikuahidi zaidi ya jirani.

Kwa maisha ya kawaida, mstari tanjenti una maana gani?

Ndiyo njia ambayo kitu kingefuata kama kila nguvu inayokipindisha ingeondoka ghafla. Heliksi siyo ya kubuni, protoni ikiingia kwa mshazari kwenye uga wa sumaku ulio sawa kila mahali inatembea kwa heliksi hasa, kwa spidi isiyobadilika, maana nguvu ya sumaku inakuwa kwenye pembe mraba na velositi muda wote, inageuza mwelekeo bila kuongeza wala kupunguza spidi. Tukirudi kwenye namba zetu, uga ukizimwa t ikiwa π/2, kitu kinanyooka kutoka (0, 3, 2π) kwa velositi (−3, 0, 4), na s kwenye L(s) ni sekunde zilizopita tangu uzime. Ndiyo maana napenda kuacha r' kama ilivyo badala ya kuifupisha, s inabaki kuwa muda halisi.

Unaweza pia kwenda nyuma. Mstari wetu unagonga sakafu z = 0 wapi? 2π + 4s = 0, s = −π/2, nukta ni (3π/2, 3, 0). Ukifanya hivyo kwa kila t unapata nukta (3 cos t + 3t sin t, 3 sin t − 3t cos t, 0), na hiyo ni njia ile ile inayochorwa na ncha ya uzi unapoufungua kutoka kwenye kopo la nusu kipenyo 3 huku umeukaza. Haitoki mtihanini, ila mimi nikiiona kila mara nafurahi.

Mwenzangu kapata (−6, 0, 8), mimi (−3, 0, 4). Nani kakosea?

Inategemea mliulizwa nini. Kama ni mstari tanjenti hakuna aliyekosea, maana vekta moja ni mara mbili ya nyingine na mstari ni ule ule. Kama ni velositi, mmoja ana tatizo, au mlipewa ratiba tofauti. Chukua q(u) = (3 cos 2u, 3 sin 2u, 8u): inapita mahali pale pale lakini kwa haraka mara mbili, na kwenye nukta ile velositi yake ni (−6, 0, 8), spidi 10. Barabara moja, magari mawili. Tanjenti ni ya barabara, velositi ni ya gari.

Spidi si ndiyo derivativu ya urefu wa r?

Siyo, na hili linawakamata hata wazuri. Urefu wa r ni umbali kutoka chimbuko, hapa √(9 + 16t²), na derivativu yake ni 16t/√(9 + 16t²). Weka t = 0 inatoka sifuri, wakati spidi ni 5. Moja inauliza "unajitenga na chimbuko kwa haraka gani", nyingine inauliza "unatembea kwa haraka gani". Diferenshieti kwanza, urefu baadaye.

Velositi ikiwa sifuri, tanjenti haipo?

Siyo lazima. Velositi sifuri inamaanisha tu fomula ya kawaida haikusaidii, kwa sababu vekta sifuri haina mwelekeo. Cha kufanya ni kuangalia mwelekeo wa velositi pembeni ya hapo, kabla na baada.

Angalia (t³, t³, t³) pale t = 0. Derivativu ni (3t², 3t², 3t²), sifuri. Lakini njia ni mstari ulionyooka, na velositi kabla na baada zote zinaelekea (1, 1, 1), kwa hiyo tanjenti ipo, kitu kilisimama kidogo kikaendelea. Sasa linganisha na (t², t³, t⁴): derivativu ni (2t, 3t², 4t³), nayo ni sifuri pale t = 0. Toa 2t nje, inabaki (1, 1.5t, 2t²), ambayo inaelekea (1, 0, 0). Ila 2t ni hasi kabla na chanya baada, kwa hiyo velositi inakuja ikielekea (−1, 0, 0) na inaondoka ikielekea (1, 0, 0), imegeuza kurudi ilikotoka. Hapo njia ina ncha kali. Mstari wa mhimili wa x bado unaigusa vizuri pande zote mbili, lakini kitu hakipiti nukta hiyo kwa ulaini, na kitabu kinachodai "njia laini" kitaikataa.

Teorema ya thamani ya wastani inafanya kazi kwenye vekta?

Haifanyi, na heliksi inaonyesha wazi. Mzunguko mzima mmoja, toka t = 0 hadi 2π, x na y zinarudi pale pale na z inapanda 8π, kwa hiyo velositi ya wastani ni (0, 0, 4). Je, kuna wakati velositi ni (0, 0, 4)? Hakuna, maana sehemu yake ya mlalo ina urefu 3 muda wote. Kila komponenti peke yake inatii teorema, x' ni sifuri pale t = π, y' ni sifuri pale π/2 na 3π/2, ila nyakati zenyewe hazikutani. Kwa hiyo ukiwa unaandika uthibitisho na unataka kusema "kuna c ambapo r'(c) ni sawa na wastani", acha, kila komponenti inataka c yake.

Kikokotoo kinanipa x = 2.9989 badala ya 0. Kimeharibika?

Kiko kwenye digrii. Kimesoma π/2 kama digrii 1.57. Na hili si suala la kikokotoo tu, derivativu ya sin t kuwa cos t ni kweli kwa radiani pekee, kwa digrii inaingia π/180 mbele yake na velositi yako yote inaharibika.

Kama unataka kuona kwa macho, andika hivi GeoGebra kwenye mwonekano wa 3D, mistari miwili tu:

```
Curve(3cos(t), 3sin(t), 4t, t, 0, 4pi)
Curve(-3s, 3, 2pi + 4s, s, -2, 2)
```

Zungusha mchoro mpaka uwe unatazama kutoka juu kabisa. Unatakiwa uone duara na mstari unaoligusa pale (0, 3) bila kulikata, ukiona unakata duara sehemu mbili rudi kwenye r'.

Nukta moja inaweza kuwa na tanjenti mbili?

Heliksi hapana, hairudi mahali ilipopita. Ila (t², t³ − t, 5) inapita (1, 0, 5) mara mbili, t = 1 na t = −1. Derivativu ni (2t, 3t² − 1, 0), kwa hiyo mara ya kwanza, t = −1, inapita kwa (−2, 2, 0) na mara ya pili kwa (2, 2, 0), mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba kabisa. Ukipewa nukta kama hiyo andika yote miwili, na taja kila mmoja ni wa t ipi.